Miaka 5 na Miezi 3

Rafiki yangu ana duka la kushona nguo Mombasa, hatua chache kutoka Marikiti. Ndani mna cherehani 4, ovaloki moja, meza ndefu ya kukatia, na pazia pembeni ambalo nyuma yake wateja hujaribu nguo. Siku moja alinitolea mkataba wake wa upangaji kutoka kwenye droo ya vifungo na nyuzi, akaniuliza swali lililomkera tangu aliposaini: mbona muda ni miaka 5 na miezi 3? Mtu akitaka miaka 5 huandika miaka 5. Hii miezi 3 ya juu ni ya nini? Alikuwa amejiambia ni zawadi, labda miezi ya kupaka rangi na kupanga rafu kabla ya kuanza kazi.

Haikuwa zawadi. Nitaieleza mbele kidogo, kwa sababu bila kuielewa hakuna mpangaji wa duka nchini Kenya anayeweza kujua anachouza anapomwambia mwenye jengo, "Nipe kodi isiyopanda, nami nitakaa muda mrefu."

Mkataba wenyewe ulikuwa umebakisha miezi 8. Mwenye jengo, mzee wa makamo ambaye yeye humwita ami, alikuwa amepita dukani jioni, akakaa kwenye benchi la wateja na kutoa neno lake.

"Mwanangu, mimi sitaki kukusumbua. Sasa unalipa elfu 40. Nakupa miaka 6 mingine, na kodi nakufungia. Elfu 50, haipandi hata shilingi mpaka mkataba uishe. Kama hutaki kufungiwa, basi tuanze na elfu 44, iwe inapanda asilimia 10 kila mwaka, kama majirani zako."

"Ami, nipe siku chache niangalie."

"Angalia. Lakini mimi ningekuwa wewe ningechukua ya kufungiwa."

Huo ndio mwanzo wa mazungumzo mengi ya kuhuisha mkataba. Mpangaji anatoa miaka, mwenye jengo anatoa kodi iliyosimama, na kila mmoja anaona amempa mwenzake kitu kikubwa. Tatizo ni kwamba miaka ina bei, na kodi iliyosimama ina bei, na bei hizo hazionekani mpaka mtu akae na kalamu.

Tulikaa na kalamu. Tukageuza karatasi ya ruwaza ya gauni na kuandika upande wake mweupe.

Kwa njia ya asilimia 10 kila mwaka, kodi ya mwezi ingekwenda hivi: mwaka wa kwanza 44,000, wa pili 48,400, wa tatu 53,240, wa nne 58,564, wa tano karibu 64,420, na wa sita karibu 70,860. Ukijumlisha miezi yote 72 unapata takriban shilingi milioni 4.07. Kwa njia ya ami, elfu 50 mara miezi 72 ni milioni 3.6 kamili. Tofauti ni karibu laki 4 na elfu 74. Rafiki yangu aliangalia hesabu hiyo akasema ami ana huruma kweli.

Nikamwomba tusijumlishe miaka yote kwa mkupuo, tutembee mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza, aliyefungiwa analipa elfu 6 zaidi kila mwezi kuliko yule wa asilimia 10. Mwaka wa pili bado anazidisha, elfu 1 na 600. Anaanza kulipa kidogo kuliko mwenzake mwaka wa tatu tu, na hata mwaka huo unapokwisha bado ametoa jumla ya elfu 52 zaidi. Fidia yake inakamilika katikati ya mwaka wa nne, kwenye mwezi wa 43 hivi. Kuanzia hapo ndipo anapoanza kuvuna.

Faida ya kodi isiyopanda, basi, imelala mkiani. Mwenye jengo anapokea yake mwanzoni, mpangaji anangoja yake mwishoni. Ukihama mwaka wa tatu, kwa ugonjwa, kwa biashara kuanguka au kwa kumfuata mume Kilifi, umemlipa mwenye jengo kodi ya miaka ya mbele na kuiacha mezani. Ndiyo maana ami alipenda zaidi njia ile. Sisemi alikuwa na hila, maana pengine alitaka tu fedha ya kurekebisha paa mapema. Lakini fedha ya leo na fedha ya miaka 5 ijayo hazilingani, na anayezipokea leo ndiye mwenye nafuu.

Hapo pana kipimo rahisi ambacho mpangaji yeyote anaweza kukitumia. Chukua kodi zote za ile njia inayopanda, zijumlishe, zigawe kwa idadi ya miezi. Kwetu sisi milioni 4.07 kwa miezi 72 ni karibu 56,600 kwa mwezi. Kodi iliyofungwa chini ya wastani huo kwenye karatasi ni nafuu. Halafu tafuta mwezi ambao nafuu hiyo inaanza kuonekana mfukoni, ujiulize kwa uaminifu kama utakuwa bado umekaa kwenye kiti hicho. Swali la pili ndilo watu huliruka.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ya ruwaza ilituonyesha. Asilimia 10 kila mwaka huzungumzwa sokoni kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Benki Kuu ya Kenya ina shabaha ya mfumuko wa bei ya asilimia 5, ikiruhusu kupanda au kushuka kwa 2 na nusu. Ina maana hata kwenye ukingo wa juu wa shabaha hiyo, asilimia 7 na nusu, kodi inayopanda kwa 10 kila mwaka inaukimbia mfumuko. Kweli kuna miaka mibaya, kama 2022 ambapo mfumuko ulipita asilimia 9, lakini mtu hapangi miaka 6 kwa kufuata mwaka mmoja wa homa.

Sasa chukua asilimia 10 kila baada ya miaka 2. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, yaani karibu sawasawa na shabaha ya Benki Kuu. Kwa hiyo mpangaji anayeomba nyongeza ya 10 kila miaka 2 hamnyang'anyi mwenye jengo kitu. Anamwambia kwa hesabu: thamani ya kodi yako ibaki pale ilipo, isishuke wala isipae. Kwa duka letu ingekuwa elfu 44 miaka 2 ya kwanza, 48,400 miaka 2 ya kati, na 53,240 miaka 2 ya mwisho. Jumla yake ni karibu milioni 3.5, laki moja na ushei chini ya kodi ya ami iliyofungwa, na mwanzo wake ni mwepesi zaidi. Rafiki yangu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe kufungiwa kwenyewe ni ghali kuliko kupandishiwa." Ndiyo, inategemea imefungwa juu ya namba gani.

Turudi kwenye ile miezi 3.

Kenya ina sheria ya tangu 1965, Sura ya 301 ya sheria za nchi, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Duka kwa maana ya sheria hiyo ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo fundi wa nguo yumo. Sheria hiyo inawaweka baadhi ya wapangaji chini ya ulinzi wake. Analindwa asiye na mkataba wa maandishi kabisa. Analindwa mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5. Na analindwa mwenye mkataba mrefu zaidi, ikiwa ndani yake mna kipengele kinachoruhusu kuuvunja katika miaka 5 ya kwanza kwa sababu nyingine isiyo ya kukiuka masharti.

Ulinzi huo si mdogo. Mwenye jengo akitaka kupandisha kodi au kumtoa mpangaji wa aina hiyo, lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu ilipopokewa. Mpangaji akipinga, analipeleka jambo kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, na mpaka baraza liamue, notisi ile haina nguvu. Sababu za kumtoa zimetajwa na sheria, nazo ni kama kuchelewa kodi miezi 2, kutaka kubomoa na kujenga upya, au mwenye jengo kutaka kupatumia mwenyewe. Kusema tu kwamba mkataba umekwisha, au kwamba amepatikana mtu wa kulipa zaidi, hakutoshi.

Sasa miezi 3 inaeleweka. Miaka 5 kamili inamweka mpangaji ndani ya ulinzi. Ongeza miezi 3, hakikisha hakuna kipengele cha kuvunja, na ametoka nje. Mawakili wa wenye majengo wanalijua hili kama fundi anavyojua upindo, na ndiyo maana muda huo wa ajabu umejaa kwenye mikataba ya Nairobi na Mombasa. Linalochekesha, kama si kuudhi, ni kwamba muuza viatu wa jirani, aliyekaa miaka 11 bila karatasi yoyote ila risiti, alikuwa na ulinzi wa sheria kuliko rafiki yangu mwenye mkataba wa kurasa 18 na mhuri wa wakili.

Kwa hiyo mpangaji anapokwenda kuuza miaka, ajue kwamba mwaka wa sita hauuzwi kwa bei ya mwaka wa tano. Miaka 3 au 4 ni ahadi ya kukaa, basi. Ukivuka 5 umetoa ahadi ya kukaa pamoja na ngao yako. Mwenye jengo anapata vitu viwili, naye alipe kwa viwili.

Je, mtu asivuke kabisa? Sidhani, na hapa baadhi ya mawakili watanipinga. Baraza linazuia kuonewa, lakini haliwezi kukuambia leo kodi ya mwaka wa tano itakuwa ngapi. Mwenye jengo anaweza kutoa notisi ya kupandisha, nanyi mkaingia kwenye ripoti za wathamini na safari za kusikilizwa, na mwisho wake hujui namba itakayotoka. Kwa anayeuza mboga hilo linavumilika. Rafiki yangu alikuwa anataka kununua mashine ya kudarizi ya kompyuta kwa mkopo wa miaka 3, na kuweka nyaya za umeme za kuihimili, ambazo hazing'oki ukihama. Alihitaji kujua kodi yake kwa muda wa mkopo, kisha miaka kadhaa ya kula jasho lake. Mkopo na vitu visivyohamishika ndivyo vinavyosema unahitaji miaka mingapi. Kwake miaka 6 ilikuwa na maana. Mtu asiye na mzigo kama huo akivuka 5 kwa sababu tu ameambiwa kodi haitapanda, amejifunga bure.

Tulipofika hapo ilibidi tuuhame upande wetu wa meza, twende kukaa kwenye benchi la ami. Anapata nini kwa miaka 6?

Kwanza hapati duka tupu. Duka likibaki wazi miezi 3, amepoteza kodi ya miezi 3, karibu laki moja na elfu 32 kwa kodi mpya ya 44,000. Ajenti wa kumtafutia mpangaji atataka chake, tuseme kodi ya mwezi mmoja. Kisha rangi, mabomba na kufuli, na mara nyingi mpangaji mpya huomba mwezi wa bure wa kujipanga. Kwa hesabu yetu ya makadirio, kubadilisha mpangaji mara moja kungemgharimu ami kama laki 2 na kitu. Hiyo ndiyo thamani ya kubaki kwako, nayo ndiyo mpaka wa ombi lako. Ukiomba punguzo la laki 7 kwa kigezo kwamba hutahama, ami akiwa na akili timamu atakuambia uhame. Na asipokuwa na hesabu akakubali, atakuja kulipia kwa njia nyingine: choo kitakachoharibika hakitatengenezwa, paa litavuja, na simu haitapokelewa. Kodi iliyobanwa mno hurudi kama jengo lililoachwa.

Pili, inategemea ana mipango gani na jengo. Anayetaka mkopo wa benki hupenda mikataba mirefu yenye kodi inayoeleweka, kwa kuwa mthamini huitazama. Anayetaka kuuza huipenda pia, ila si ile yenye kodi ya chini iliyofungwa, kwani mnunuzi ataikata kwenye bei. Na anayetaka kubomoa ajenge ghorofa hataki mkataba mrefu hata ukimpa elfu 60. Unamjua huyo kwa ishara moja: anakupa miaka mingi kwa maneno, lakini rasimu ikija ina kipengele cha kumruhusu kuvunja "kwa ajili ya uendelezaji". Mtu akiuza miaka 6 na kununua kipengele hicho, amenunua miezi ya notisi tu. Ami hakuwa na ghorofa akilini. Alikuwa amechoka kutafuta wapangaji, na binti yake alikuwa anaingia chuo kikuu. Alihitaji fedha inayoongezeka kidogo sasa, na kutosumbuliwa.

Hiyo ilitupa ofa. Rafiki yangu alimwalika kahawa, safari hii si dukani bali baraza la kahawa la jirani, wasikatizwe na wateja. Alipeleka namba 2 tu: elfu 46 kwa miaka 3 ya kwanza, kisha 50,600 kwa miaka 3 ya pili. Kodi isimame mara mbili badala ya kupanda mara tano.

Ami alisema, "Lakini mwaka wa sita utanilipa 50,600 na wakati huo mkate utakuwa bei gani?"

Swali la haki kabisa, na jibu tulikuwa tumelipiga hesabu. Mfumuko ukienda kwa asilimia 5 kwa mwaka, 50,600 ya mwaka wa sita ina uzito wa karibu elfu 40 za leo. Nayo elfu 40 ndiyo kodi anayopokea sasa hivi. Yaani hata mwaka wake mbaya kabisa wa mkataba unamfikisha karibu palepale alipo, na miaka yote kabla yake anapata zaidi. Kwa rafiki yangu jumla ilikuwa milioni 3 na laki 4 na elfu 77 hivi, chini ya kodi ya ami iliyofungwa kwa laki moja na elfu 22, na mwanzo wake unabebeka wakati mkopo wa mashine bado mbichi. Ami alikunywa vikombe 2 kabla ya kusema sawa. Nadhani kilichomshawishi si hesabu ya mkate bali kupata elfu 6 zaidi kuanzia mwezi wa kwanza.

Kisha tukaja kwenye mlango wa kutokea, na hapa ndipo tulipogonga ukuta. Aliomba haki ya kuvunja mkataba baada ya miezi 36, kwa notisi ya miezi 6 na faini ya kodi ya miezi 2. Ni ombi la kawaida, na waliokuwa wamefungwa kwenye mikataba mirefu mwaka 2020, korona ilipofunga biashara na kodi ikaendelea kuhesabika, hawahitaji kuelezwa umuhimu wake. Wakili wa ami alikataa siku hiyohiyo. Si kwa ukaidi. Kipengele cha kuvunja ndani ya miaka 5 kingeurudisha mkataba mzima chini ya ulinzi wa Sura ya 301, maana sheria haibagui kwa kutaja nani mwenye haki ya kuvunja. Ile ngao ambayo miaka 6 iliiondoa ingerudi kupitia dirishani. Kwa mpangaji hiyo ni habari njema, na yuko mwenye jengo mmoja katika kumi ambaye wakili wake hatakiona. Wakili huyu alikiona.

Ukikutana na ukuta huo, usikubali tu wala usisuse. Omba haki ya kuukabidhi mkataba kwa mtu mwingine, kwa ridhaa ya mwenye jengo, ridhaa ambayo hatainyima bila sababu ya msingi. Haivunji mkataba, kwa hiyo haiugusi ule mpaka wa miaka 5, lakini inampa mpangaji njia ya kutoka akimpata mwingine wa kuingia. Na hapo kodi iliyosimama inakuwa mali. Mwaka wa tano, duka la Marikiti lenye kodi ya 50,600 wakati majirani wanalipa 64,000 ni duka ambalo fundi mwingine atalipia kilemba kuingia. Ile faida iliyolala mkiani inaweza kuuzwa. Bila haki ya kukabidhi, inabaki na mwenye jengo. Ami alikubali kwa sharti la kumkagua anayeingia na gharama za wakili ziwe juu ya anayetoka.

Ilibaki rasimu. Rafiki yangu aliisoma juu ya meza ya kukatia akiwa na chaki ya fundi mkononi. Kodi zilikuwa sawa, tarehe zilikuwa sawa. Ukurasa wa 7 ulisema mpangaji atalipa pia ada ya huduma "kama itakavyoamuliwa na mwenye jengo mara kwa mara". Mkataba wa zamani ulikuwa na elfu 3 kwa mwezi kwa mlinzi, taka na taa za ngazi. Huu ulikuwa hauna namba.

Hapa ndipo kodi nyingi zilizofungwa hufunguliwa. Mwenye jengo haongezi kodi, mkataba umemkataza, lakini ada ya huduma inatoka elfu 3 hadi 6, kisha 9, na mpangaji hana pa kushika. Dawa yake ni kuandika kiwango, na kuandika kwamba nyongeza haitazidi kiasi fulani kwa mwaka, na kwamba risiti za matumizi zitaonyeshwa zikiombwa. Kuna na ushuru wa thamani ya ziada, asilimia 16, ambao mwenye jengo aliyesajiliwa lazima autoze juu ya kodi ya biashara. Ami hajasajiliwa, lakini ana majengo mengine na mapato yake yanaweza kufika kiwango cha kusajiliwa kabla ya miaka 6 kwisha. Mkataba useme kama 46,000 ni pamoja na ushuru huo au bila. Asilimia 16 ya 46,000 ni 7,360 kila mwezi, zaidi ya nyongeza yote waliyokuwa wamebishania kwa vikombe 2 vya kahawa. Walikubaliana kwamba ada ibaki elfu 3, isipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, na ushuru ukija, mwaka wa kwanza wagawane.

Kuhusu kuhuisha tena baada ya miaka 6, rasimu ilitoa haki ya miaka 3 zaidi "kwa kodi itakayokubaliwa na pande zote". Maneno hayo yanapendeza na hayabebi kitu, kwa kuwa asiyetaka kukubali hakubali, na haki imeishia hapo. Walibadilisha ikawa kodi ya mwisho ikiongezwa asilimia 10, na mpangaji atoe notisi ya maandishi kati ya mwezi wa 60 na wa 66. Tarehe hizo alizitoboa kwa pini kwenye kalenda ya benki ukutani, ingawa kalenda ile haifiki mwaka huo.

Mkataba wa zaidi ya miaka 2 nchini Kenya ni wa kusajiliwa kwenye ofisi ya ardhi, na hili si la kuahirisha. Kodi iliyofungwa ni ahadi ya ami. Ami akifariki au akiuza, unataka mnunuzi akute ahadi hiyo kwenye kumbukumbu za ardhi atakapofanya upekuzi, si kwenye droo ya vifungo. Kama hati ya jengo iko benki kama rehani, ridhaa ya benki itafutwe kabla ya kusaini. Ushuru wa stempu kwa mkataba uliozidi miaka 3 ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka, ambayo kwa kodi ya 46,000 ni shilingi 11,040. Chini ya hapo, hadi miaka 3, ni asilimia 1.

Rasimu ya pili ilirudi ikiwa na mistari yote tuliyoomba, isipokuwa mmoja. Muda ulikuwa umeandikwa miaka 6 na miezi 3. Alimpigia wakili kuuliza miezi hiyo imetoka wapi, maana mpaka wa 5 walishauvuka. Wakili alicheka akasema karani amenakili kutoka mkataba wa zamani, akaomba radhi. Rafiki yangu akafikiri kidogo. Miezi 3 kwa kodi ya 50,600, mwaka ambao majirani watakuwa wanalipa zaidi ya 70.

"Iache tu," akamwambia.